Waya wa optiko na spika za nyuma

"Fundi, spika za nyuma zimenyamaza. Ati optiko hubeba stirio tu, ninunue HDMI?"

Bado usitoe pesa. Optiko hupitisha chaneli 5.1 vizuri kabisa, mradi sauti iwe imefungashwa kwa Dolby Digital au DTS. Ikishafunguliwa kuwa PCM, hujaa mno. Optiko hubakiwa na nafasi ya chaneli mbili tu. HDMI hubeba PCM ya chaneli nane, ndiyo maana huonekana dawa ya kila kitu.

Kuna nyumba hapa Malindi, deki ya blurei imeungwa kwa risiva kwa optiko. Kioo cha risiva kilisoma PCM, na hiyo ndiyo dalili. Kwenye mipangilio ya sauti ya deki tukatoa PCM tukaweka Bitstream, sauti itoke ikiwa bado imefungashwa. Kioo kikasoma Dolby Digital, spika zote zikalia.

Sauti ikipitia tivi kwanza, angalia na huko: baadhi ya tivi hupokea 5.1 kwa HDMI halafu hutoa stirio kwa optiko. Hapo unga deki moja kwa moja kwa risiva. Ila ukitaka Dolby TrueHD, sauti kamili isiyopunguzwa ubora, optiko haiiwezi. HDMI utanunua tu.