Fokasi grupu ya wadada kuhusu tangazo la afya: mwezeshaji anafanya nini hasa

Watu wakisikia fokasi grupu wanadhani ni kukusanya wadada nane, unawaonyesha tangazo, unauliza "mmelipenda?", soda zinaletwa, nauli inatolewa, imeisha. Hiyo sio yenyewe. Huku unatafuta jinsi wanavyolisoma lile tangazo, yaani wanaona nini, wanasikia nini, na hiyo maana wameitoa wapi. Marekani 1941, watafiti wa jamii Lazarsfeld na Merton walikuwa wanawaweka watu wasikilize redio wakiwa na vitufe, chekundu kama hujapenda na kijani kama umependa, halafu mahojiano yanarudi palepale walipobonyeza: hapa ulikuwa umesikia nini? Mpaka leo kazi ya mwezeshaji ni hiyohiyo, kumrudisha mtu kwenye kitu alichokiona.

Tuchukue mfano wa kutunga. Una bango la kijiti, ile njia ya uzazi wa mpango inayowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kuna mdada kavaa suti, anatabasamu, kashika laptop, chini imeandikwa "Panga maisha yako". Unataka kujua wadada wa miaka 18 hadi 24 pale Temeke wanalielewaje. Kwanza usiwachanganye wenye watoto na wasio na watoto, maana asiyezaa atanyamaza akiogopa kuonekana anajua sana mambo hayo. Wawe sita mpaka nane, saa moja na nusu inatosha, na pembeni awepo mtu wa kuandika, wewe huwezi kuongoza na kuandika vizuri kwa wakati mmoja.

Sheria za kikao sasa. Za simu kuwa sailenti na kuongea mmoja mmoja ni za kawaida tu, zipitishe haraka. Yenye uzito ni ya siri, na hapa wawezeshaji wengi wanaahidi wasichokiweza. Wewe unaweza kuahidi kwamba jina halitaandikwa na rekoda haitasikilizwa na watu wa mtaani, lakini huwezi kuahidi kwamba aliyekaa kiti cha pili hataenda kusimulia saluni. Kwa hiyo waambie ukweli: ya wenzetu tuyaache humu, ila hatuulizani nani anatumia nini, tunaongelea bango, na kama una mfano sema "msichana wa umri wetu". Kila mtu achague jina la kutumia siku hiyo. Halafu waambie hili bango hujalitengeneza wewe, hata wakiliponda hukasiriki, bila hivyo watakusifia mpaka jioni.

Kabla hawajaongea wape karatasi, kila mtu aandike kimyakimya mambo mawili: tangazo linasema nini, na linamwambia nani. Hii inasaidia sana maana yule muongeaji wa kwanza akishasema "zuri, linaelimisha" wote wanamfuata.

Hapo ndo kuprobu kunaanza, yaani kumchimba mtu zaidi kwenye jibu alilotoa. Tuseme mmoja kasema "hili sio letu". Usimuulize "kwa nini?" kavu, ataona anahojiwa polisi. Sema "ukisema sio letu, ni kipi kwenye bango kimekuonyesha hivyo? Niwekee kidole." Anaweza kuweka kidole kwenye laptop, "huyu ana ofisi, sisi tunauza mihogo". Rudisha kwa wengine: "kuna aliyemuona tofauti?" Mwingine anasema huyo ni mke wa mtu, kwani "panga maisha" anayeambiwa ni mwenye mume. Yaani suti uliyodhani itawavutia inawaambia hawahusiki, na jambo hilo usingelipata kamwe kwa swali la "mmelielewa?", wangejibu "ndiyooo" kwa pamoja kama darasani. Ukishauliza nyamaza, hesabu mpaka tano kichwani, mara nyingi jibu lenyewe linakuja kwenye hicho kimya.

Pagumu zaidi ni uvumi. Mmoja atasema kijiti kinakausha kizazi, na wewe unajua kikitolewa uwezo wa kushika mimba unarudi. Ukimsahihisha hapohapo umeshageuka mwalimu, hakuna atakayesema tena anachokiamini. Probu kwanza: "hilo watu wanalisikia wapi? Na mtu aliyelisikia akiliona hili bango, analionaje?" Lakini usiwaache waondoke nalo, sio haki. Panga na nesi aje dakika kumi na tano za mwisho, rekoda ikiwa imezimwa, ajibu maswali yao yote.

Kwenye ripoti usiandike "asilimia 75 hawakulipenda" kwa sababu sita kati ya nane wamesema hivyo, hao wamesikilizana humo ndani, sio sampuli. Andika maana zilizotokea na kitu gani kwenye bango kimezileta, halafu fanya kikundi kingine cha aina ileile uone kama laptop inanyooshewa kidole tena.