Nani alisema kwanza kwamba makaa yanaisha haraka?

Mwaka jana nilihoji wauza chapati 12 mjini Busia, upande wetu wa Uganda. Aliyenituma alikuwa anatengeneza makaa ya vumbi, yale ya duara yanayofinyangwa kwa vumbi la makaa na uji wa muhogo, na alitaka kujua kama wakaangaji wa roleksi, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, wangeyanunua. Tangu Mei 2023, Rais Museveni alipotoa amri ya kuzuia biashara ya makaa yanayochomwa kaskazini, kila mtu alikuwa akilalamikia bei. Mteja wangu alikuwa na hakika soko lipo.

Majibu yalimfurahisha. Karibu wote walisema makaa ya kawaida yanaisha haraka, na kwamba wakipata yanayokaa muda mrefu watanunua. Alipeleka magunia mjini. Baada ya wiki tatu mengi yalikuwa bado stoo.

Nilirudi kwenye sauti nilizorekodi, nikaziandika neno kwa neno, nikachukua kalamu nyekundu. Katika kila mahojiano nilipigia mstari mahali maneno "yanaisha haraka" yalipotokea mara ya kwanza, na pembeni nikaandika nani aliyatamka. Katika mahojiano 11 kati ya 12 nilikuwa mimi. Swali langu lilikuwa hivi: "Makaa ya siku hizi si yanaisha haraka?" Jibu: "Ee, yanaisha sana." Halafu: "Ukipata yanayokaa muda mrefu si utanunua?" "Nitanunua, dada."

Hayo hayakuwa mahojiano. Nilikuwa najihoji mwenyewe kwa vinywa vya watu 12.

Vitabu vya utafiti wa soko vinaonya kuhusu maswali elekezi, lakini mifano yake mingi haijakaa kwenye lugha yetu. Kwa Kiswahili mtego umefichwa kwenye vineno vidogo. "Si" kabla ya kitenzi, "siyo?" ya mwisho, "eti", "au sivyo?", zote zinamwomba mtu akubali. Mtu mwenye heshima zake, aliyekukaribisha kibandani na kukupa kigoda, hawezi kukukatalia mbele ya wateja wake. Kukubali kwake ni adabu, na wewe unaandika kwamba ni maoni.

Salamu nazo zimetufundisha vibaya. Ukimwuliza mtu "habari za biashara?" atasema "nzuri", hata kama jana alifunga na hasara, kwa sababu hilo ndilo jibu la salamu. Kwa hiyo swali lolote lililokaa kama salamu, "biashara inaendaje?", "makaa vipi?", litakupa "nzuri tu" au "tunasukuma". Maliza salamu kwanza, zote, bila haraka. Kisha badilisha mwendo wa mazungumzo waziwazi ili mhojiwa aone kwamba salamu zimekwisha.

Kuna na "kwa nini". Vitabu huliweka kati ya maswali wazi, yale yasiyojibika kwa ndiyo au hapana tu, na kisarufi ni kweli. Lakini mwambie muuza chapati "kwa nini hukununua gunia zima?" uone uso wake. Kwetu swali hilo ni la mwalimu kwa mtoto aliyechelewa, au la mume mwenye hasira. Anayeulizwa hivyo hujitetea, na utetezi wa kwanza unaopatikana ni bei, "ghali". Mimi nimeacha kulitumia karibu kabisa. Nauliza "ilikuwaje?" au "kilichokufanya uende kwa yule ni nini?" Sababu inakuja yenyewe, ikiwa ndani ya hadithi.

Nilirudi Busia mara ya pili kwa wauzaji tofauti, nikiwa na swali moja tu la kufungulia: "Nieleze mara ya mwisho uliponunua makaa, tangu ulipoona yamepungua." Nilichagua "mara ya mwisho" kwa makusudi. Ukiuliza "huwa unanunuaje?" mtu anakupa picha ya jinsi mfanyabiashara mzuri anavyopaswa kununua. Ukiuliza "ungenunua?" anakupa matumaini, na ile "-nge-" haimgharimu chochote. Ununuzi wa juzi una saa, una bei, una mtu aliyeuza. Nilipoona wa mwisho umepita zaidi ya wiki moja sikuutegemea sana, maana kumbukumbu ya matumizi madogo haikai.

Nilikwenda kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Asubuhi chapati hazingoji mtu, na jioni ni msongamano. Simu ya kurekodi niliiweka juu ya meza, anaiona, baada ya kumwomba ruhusa. Sikumwambia kwamba natafiti makaa ya vumbi. Nilisema najifunza jinsi vibanda vinavyopata makaa yao, na huo ulikuwa ukweli. Kama ningetaja bidhaa mapema, yote yaliyofuata yangegeuka kuwa maoni juu ya bidhaa.

Hiki hapa ni kipande cha mazungumzo na kijana mmoja karibu na stendi ya malori:

— Nieleze mara ya mwisho uliponunua makaa.
— Jana. Jana jioni.
— Ehe.
— Nilichukua kopo mbili kwa yule mama pale.
— Kopo mbili.
— Ee. Zinanifikisha leo mchana. Yaani… (akanyamaza, nami nikanyamaza) …gunia linakuwa rahisi kwa hesabu, najua. Lakini mama ananipa nalipa baadaye.
— Baadaye?
— Nikiuza. Jana nililipa za juzi. Naye anakula chapati kwangu asubuhi, tunakatana.

Angalia nilichofanya hapo, maana ni kidogo sana. Nilirudia maneno yake mawili, "kopo mbili", bila sauti ya kuuliza. Nilikaa kimya alipositasita, kama sekunde nne au tano hivi, na kwa mhojaji ni muda mrefu wa kutisha. Mara tatu nilitaka kumsaidia kumaliza sentensi. Kisha nikalichukua neno lake mwenyewe, "baadaye", nikamrudishia. Sikusema "vizuri", wala "sawa kabisa". Sifa nayo inaongoza: ukisema "vizuri sana" baada ya jibu moja, mhojiwa anajua jibu la namna gani unalipenda, na anakuongezea mengine yanayofanana nalo.

Neno "deni" halikuwahi kutoka kinywani mwangu. Kama ningeuliza "unakopa makaa?" angekataa, kwa sababu kukopa kunatia aibu na mimi ni mgeni. Jambo lenyewe lilipotoka kwake, lilitoka kama ujirani. Wauzaji saba kati ya kumi wa awamu hiyo walifika kwenye jambo hilohilo, kila mmoja kwa njia yake. Mshindani wa mteja wangu hakuwa makaa ya kawaida. Alikuwa mama mmoja mwenye kopo na kumbukumbu nzuri.

La pili lilijitokeza nilipomwomba kijana huyo anionyeshe anavyowasha. Hili nalipendekeza kila mara: mhojiwa akifika kwenye jambo linalofanywa kwa mikono, mwombe alifanye. Mikono haina adabu kama ulimi. Alipepea sigiri, moto ukapanda, akamwaga mayai yaliyopigwa, na mteja alipokwisha kupita akachukua koleo, akatoa vipande vitatu vya makaa yanayowaka, akavizika kwenye majivu pembeni. Nikamwuliza, "Hapo unafanya nini?" Akasema anaviweka vya jioni. Wateja wake wanakuja kwa mawimbi: madereva wakisimama, moto mkali, wakiondoka, anauzima nusu. Makaa ya kawaida yanakubali mchezo huo. Ya vumbi yanachelewa kushika, yakishika yanakwenda taratibu kwa saa nyingi, na ukiyatoa katikati yanabomoka na kubaki majivu. Kile kilichoitwa sifa kwenye karatasi ya mteja wangu, kukaa muda mrefu, kwa mtu huyu ni hasara: anachoma makaa wakati hakuna anayekula.

Nilikosea tena kwenye awamu hii ya pili, ingawa kosa lilikuwa la aina nyingine. Muuzaji mmoja alizungumza Kisamia vizuri zaidi, nikamtumia jirani yake kutafsiri. Nikasema, "Mwombe anieleze siku ya jana." Jirani akasema maneno machache, mama akajibu neno moja. Baadaye mwenzangu anayeijua lugha alinisikilizia rekodi: jirani alikuwa amemwuliza kama jana ilikuwa siku nzuri. Mkalimani ambaye hajafundishwa hulifunga swali wazi kwa nia njema, kwa sababu swali wazi linaonekana halijakamilika. Siku hizi nakaa naye robo saa kabla, namweleza kwamba jibu refu ndilo ninalolitaka, na anajaribu kunihoji mimi kwanza.

Usitarajie mahojiano kumi yakuambie ni wauzaji wangapi mjini wanachukua makaa kwa deni. "Saba kati ya kumi" hapo juu si takwimu ya Busia. Inaniambia tu kwamba jambo lipo, lina sura gani, na sasa nina maneno ya watu wenyewe ya kuweka kwenye dodoso ikiwa mteja anataka hesabu. Huko ndiko maswali funge yanakofaa: unapojua tayari majibu yanayowezekana, na unataka kuyahesabu.

Na hata swali la "mara ya mwisho" halisemi lolote kuhusu kitu ambacho mtu hajawahi kutumia. Kwa hilo nilimshauri mteja aache maneno: awauzie wachache kopo la makaa ya vumbi kwa bei kamili, arudi baada ya siku tatu bila kuwakumbusha, aone nani ataomba la pili. Wa chapati hawakuomba. Mama mmoja anayechemsha maharage na makongoro tangu alfajiri aliomba, kisha akamtuma mtoto kuchukua mengine kabla hatujarudi. Yeye moto wake hauzimwi hadi jioni, na hatukuwa tumemhoji kabisa, kwa sababu mteja alikuwa ameniambia niwatafute wa roleksi.

Kabla ya kuondoka mjini nilikwenda kwa yule mama wa makaa. Nilimsalimia, nikamaliza salamu zote, nikamwomba anieleze kopo la mwisho alilouza. Akaingiza mkono chini ya gunia, akatoa daftari.