Mwezi wa pinki, wiki ya kunyonyesha na siku ya saratani: nani katangaza nini, na kila kimoja kinafaa kwa kazi gani

Kila ikikaribia Oktoba simu za kitengo chetu cha elimu ya afya haziishi, huyu anauliza siku ya saratani ya matiti duniani ni tarehe ngapi, yule anataka tumwandikie barua kwamba mwezi wa pinki ni agizo la Umoja wa Mataifa ili bosi wake apitishe hela ya tisheti. Barua hiyo hatuwezi kuiandika, na tarehe hiyo haipo. Sasa naeleza kwa nini, na nitabaki kwenye matiti tu maana hapo mwezi, wiki na siku vinachanganywa sana.

Tuanze na mwezi. Oktoba ya saratani ya matiti ilianzia Marekani mwaka 1985, ilianzishwa na Chama cha Saratani cha Marekani pamoja na kitengo cha dawa cha kampuni ya Imperial Chemical Industries, kitengo ambacho baadaye kikaingia kwenye kampuni ya AstraZeneca. Riboni ya pinki yenyewe ikaja kuvuma miaka ya tisini. Yani haikutoka kwenye azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ilitoka kwa chama na kampuni, watu wakaipenda, nchi moja ikaiga nyingine, na leo Shirika la Afya Duniani na wizara za afya wanaitumia pia. Ndivyo ilivyo miezi mingi ya uelewa, haina mwenyewe mmoja. Benki inaweza kuweka riboni kwenye nembo yake, jimu ikaandaa mbio, kanisa au msikiti ukaita daktari aje aongee, na hakuna anayetakiwa kuomba ruhusa. Uzuri wake ni huo, lakini ubaya wake ni kwamba Novemba ikifika hakuna wa kuulizwa kilifanyika nini.

Kuna na posti inayozunguka wasap kwamba tarehe 19 Oktoba ni siku ya kimataifa ya saratani ya matiti. Zipo nchi, hasa zinazoongea Kihispania, ambako tarehe hiyo inaadhimishwa kweli, ila kwenye orodha ya siku za kimataifa za Umoja wa Mataifa haipo. Kwa hiyo ukiitaka itumie tu, lakini usiandike kwenye bango kwamba Umoja wa Mataifa umeitangaza.

Hapa kwenye mwezi nataka nikae kidogo maana ndipo watu wanapoumia. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa saratani ya matiti uliozinduliwa 2021, na moja ya malengo yake ni kwamba mama akifika kituoni na dalili, ndani ya siku 60 awe ameshapata jibu kamili la ugonjwa wake. Oktoba ina siku 31. Chukua mama aliyekuja kwenye banda la uchunguzi wa bure tarehe 28 Oktoba, nesi akampapasa akakuta uvimbe, akaandikiwa aende hospitali ya rufaa. Siku zake 60 zinaisha tarehe 27 Desemba. Katikati hapo anatakiwa apate ultrasaundi au mamogramu, achukuliwe kinyama kwa sindano, kinyama kiende maabara, majibu yarudi, na mtu ampigie simu aje ayachukue. Yote hayo yanafanyika wakati mabanda yameshakunjwa na maturubai yamerudishwa kwa mwenye nayo. Vivimbe vingi vya matiti sio saratani, hilo lazima mama aambiwe palepale ili asikae na hofu akaishia kujificha, ila bila kipimo huwezi kujua kipi ni kipi.

Kwa hiyo ukiandaa uchunguzi wa Oktoba, kabla hujachapisha tisheti weka daftari lenye jina, namba ya simu ya mama na ya ndugu yake mmoja, alipopewa rufaa na tarehe siku 60 zinapoishia, na mtaje kabisa nani atabaki nalo mpaka mwisho wa Desemba. Ukikuta kambi imetangaza "tumewafikia akina mama kadhaa" halafu haiwezi kukuambia wangapi kati ya waliopewa rufaa wamepata majibu, ujue imeishia nusu ya njia.

Wiki ni kitu kingine. Wiki ya Unyonyeshaji Duniani ni tarehe 1 mpaka 7 Agosti kila mwaka, na tarehe hizo hazikuokotwa, zinakumbuka Azimio la Innocenti, la kulinda na kuhimiza unyonyeshaji, lililosainiwa Florence, Italia, Agosti 1990. Wiki yenyewe ilianza 1992 ikiendeshwa na muungano wa mashirika unaoitwa WABA, baadaye ikapata uzito zaidi mwaka 2018 pale Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipoiunga mkono kwa azimio. Unaona, kitu kinaweza kuanza kwa watu binafsi kikapanda ngazi. Na kila mwaka wiki hiyo ina kauli mbiu yake, huwezi kutumia bango la mwaka juzi.

Siku saba zinatosha kusukuma jambo moja, sio kumi. Mfano wa Tanzania: ushauri ni mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, wakati likizo ya uzazi ya sheria ya ajira ya 2004 ni siku 84, kwa hiyo mama anarudi kazini mtoto bado hajafika hata nusu ya pili ya muda huo. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amruhusu anayenyonyesha muda usiozidi masaa mawili kwa siku ndani ya saa za kazi, na akina mama wengi hawalijui hilo, hata baadhi ya maafisa utumishi. Wiki nzima ya kwenda na ukurasa huo wa sheria kiwanda kwa kiwanda, mkaomba na chumba chenye mlango unaofungwa na friji ndogo, hiyo ni kazi inayoingia ndani ya siku saba.

Halafu siku. Siku ya Saratani Duniani ni 4 Februari, inatokana na mkataba uliosainiwa Paris tarehe hiyo mwaka 2000, na inaratibiwa na muungano wa kimataifa wa kudhibiti saratani, UICC. Ni ya saratani zote, kwa hiyo ukijaza pinki tupu siku hiyo umemwacha mwenye saratani ya shingo ya kizazi, ya tezi dume na ya koo. Nayo pia haikuanzishwa na azimio la Baraza Kuu. Ukitaka kuona iliyopitia huko angalia kisukari: siku ya 14 Novemba ilianzishwa 1991 na shirikisho la kisukari pamoja na Shirika la Afya Duniani, ikawa siku rasmi ya Umoja wa Mataifa kwa azimio namba 61/225 la Desemba 2006. Namba ya namna hiyo ndiyo ingewekwa kwenye barua ya bosi, ila mwezi wa pinki hauna. Ila azimio la namna hii linaalika nchi ziadhimishe, haliwalazimishi, na halikupi mapumziko ya kazi, mapumziko yanatoka kwenye sheria ya nchi yako.

Siku moja haifai kwa kupima watu wengi. Inafaa kumpata waziri au mkurugenzi mbele ya waandishi, umuulize mashine ya mamogramu ya hospitali ya mkoa itatengenezwa lini, na yale majibu ya lile daftari la Oktoba ndiyo ya kwenda nayo hapo Februari, yakiwa yameshakamilika.