Simu ikilala, upana unadanganya

"Nimetengeneza programu ya kupokelea majani mabichi ya chai hapa Mufindi. Simu ikisimama, kila kitu kiko sawa. Kwenye kishikwambi inavutika vibaya, na karani akiilaza simu kitufe cha HIFADHI hakionekani. Kwa nini?"

Tuanze na vipimo. Android hupanga skrini kwa dp, ambapo dp 160 ni kama inchi moja. Simu ya pikseli 1080 kwa 2400 yenye msongamano wa 420 unaigawa kwa 2.625 (yaani 420 kwa 160), unapata upana wa dp 411 na kimo cha dp 914. Google wameweka mipaka ya upana: chini ya dp 600 ni finyu, kuanzia 840 ni pana, katikati ni wastani.

Kishikwambi cha pikseli 1280 kwa 800 chenye msongamano wa 160 kikilazwa kina upana wa dp 1280. Kisanduku chako cha kilo kimeambiwa kijaze upana wote, kwa hiyo kinatanda skrini nzima kwa tarakimu mbili tu. Hapo weka safu mbili: majina ya wakulima kushoto, fomu ya mizani kulia.

Sasa mtego. Simu ile ile ikilala, upana unakuwa dp 914, nayo inahesabiwa "pana" kama kishikwambi. Lakini kimo kimebaki 411, na kibodi ikifunguka inameza karibu nusu yake. HIFADHI iko chini ya kibodi, na kama fomu haisogezwi juu, karani hana njia ya kuifikia. Kwa hiyo uliza vyote viwili:

```kotlin
val dirisha =
  currentWindowAdaptiveInfo().windowSizeClass
val safuMbili =
  dirisha.isWidthAtLeastBreakpoint(840) &&
  dirisha.isHeightAtLeastBreakpoint(480)
```

Usiulize "hiki ni kishikwambi?" Karani akigawa skrini ili afungue kikokotoo pembeni, zile 1280 zinakuwa kama 640, na safu mbili hazitoshei tena. Na hata ukiwa na safu moja, ifanye fomu isogee juu na chini.

Wengi hukwepa yote haya kwa kuilazimisha programu isimame tu. Mimi pia nilifanya hivyo. Tangu Android 16, programu inayolenga API 36 ikiwa kwenye skrini ambayo upande wake mfupi unafika dp 600, katazo hilo hupuuzwa, na simu nyingi za kukunja zikifunguliwa zinaingia humo.

Simu hizo zina jambo lao. Karani ameandika kilo 23, anaifungua simu aone vizuri, kisanduku kinabaki kitupu. Umbo la skrini likibadilika, kwa kawaida Android hubomoa ukurasa na kuujenga upya, na kilichohifadhiwa kwa `remember` peke yake hupotea. Tumia `rememberSaveable`. Kujaribu huhitaji simu ya kukunja: washa simu yako izunguke yenyewe, andika kilo, ilaze, uone kama namba ipo.