Kazi ya watu watano, alama moja: dhana potofu na ukweli

Hapa Bukavu, mwanafunzi anaweza kupata 14 kwenye 20 katika kazi aliyoisikia tu ikisimuliwa. Jina lake liko kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, alichangia makuta ya kuchapisha, basi. Nimefundisha miaka kadhaa kama asistan na nimezitoa alama za namna hiyo kwa mkono wangu mwenyewe, nikiamini ninatenda haki. Ninaandika haya kwa walimu wenzangu ambao bado wanasema maneno niliyokuwa nikiyasema.

Dhana: "Ni kikundi, kwa hiyo wote wapate alama ileile."

Ripoti iliyoko mezani inajibu swali moja tu: je, kazi hii ni nzuri? Haiwezi kujibu swali la pili, la nani aliifanya. Ni vipimo viwili tofauti, na mwalimu anayetumia cha kwanza kujibia cha pili anabahatisha.

Jambo hili si geni. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua. Sababu mojawapo ni kwamba katika kamba moja hakuna anayeonekana amevuta kiasi gani. Alama moja kwa wote ni kamba ya aina hiyo.

Kwa hiyo sasa ninaanza kwa kusahihisha ripoti bila kuangalia majina. Ninaipa alama ya kikundi na kuifungia. Suala la watu linakuja baadaye, kwa karatasi nyingine.

Dhana: "Aliyetoa pesa naye amechangia."

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana ina sura ya utu. Kuchapa kwenye kompyuta kunalipiwa, kutoa nakala kunalipiwa, taksi kwenda Kadutu na kurudi inalipiwa. Mwenye uwezo anasema, "Nyinyi fanyeni, mimi nitalipa," na wenzake wanaona wamepata nafuu. Tatizo ni kwamba alama inashuhudia mtu anajua nini na ameweza kufanya nini. Mwanafunzi aliyelipa hakujifunza kupima wala kuandika, na yule asiye na kitu anazoea kwamba jasho lake linauzika. Katika fomu ninayowapa wanafunzi ili wapimane hakuna mstari wa pesa. Gharama zinagawanywa sawa siku ya kwanza, na kikundi kisichoweza kulipia kinaniletea ripoti ya kuandikwa kwa mkono. Ninaipokea bila kuipunguzia kitu.

Dhana: "Ukiwaachia wanafunzi wapimane, watapendeleana tu."

Watapendeleana kama utawauliza vibaya. Ukimwambia kila mmoja ampe mwenzake alama kwenye 20, wote watapata 18. Na mdogo hawezi kumwandikia 8 mtu anayemwita yaya kila siku. Lakini ukimpa kila mmoja alama 100 azigawe kati ya wenzake, yeye mwenyewe akiwa nje ya mgao, hawezi tena kuwa mkarimu kwa wote. Akimwongezea mmoja, lazima ampunguzie mwingine.

Nitaeleza kikundi kimoja hatua kwa hatua. Walikuwa watano, na kazi ilikuwa kuchunguza robine za maji za mtaa mmoja wa Kadutu: ziko wapi, zinatoa maji kiasi gani, watu wanangoja muda gani. Shefu wa kikundi aliomba ruhusa kwa viongozi wa mtaa na kupanga siku. Mpimaji alikwenda na bidoni la lita 20 na saa, akahesabu sekunde hadi linapojaa. Mchoraji alitengeneza ramani. Mwandishi aliandika ripoti. Wa tano alipewa kuwahoji wachotaji. Ripoti niliipa 14 kwenye 20.

Kila mmoja aligawa 100 kwa wenzake wanne. Mgao wa sawa ungekuwa 25 kwa kila mtu. Tuangalie alichopokea mpimaji: shefu alimpa 30, mchoraji 35, mwandishi 30, na wa tano 25. Jumla 120. Kwa njia hiyohiyo mchoraji alipata 115, shefu 108, mwandishi 103. Wa tano alipata 15, 12, 15 na 12, yaani 54. Ukijumlisha zote unapata 500, na wastani wa kila mtu ni 100. Wastani huo haubadiliki hata kikundi kiwe cha watu wanne au saba, mradi wote wamejaza. Asipojaza mmoja, ninahesabu kana kwamba amegawa sawa, la sivyo wenzake watapunjwa naye hataguswa.

Sasa inabaki kuiunganisha alama ya kikundi na jumla ya mtu. Ukizidisha 14 yote kwa jumla hiyo iliyogawanywa kwa 100, mpimaji anapata 16.8 na wa tano 7.56. Naona huo ni mkono mzito mno kwa vipimo vilivyotoka kwa watu wanne. Mimi ninaacha nusu ya alama kwa wote, na nusu ya pili ndiyo inayofuata mchango:

```
alama = 7 + 7 × (jumla ÷ 100)
```

Mpimaji alipata 15.4, mchoraji 15.05, shefu 14.56, mwandishi 14.21, wa tano 10.78. Tofauti inaonekana, lakini wenzake peke yao hawakumwangusha mtu.

Kuna masharti matatu ambayo bila hayo fomu haifai. Ijulikane siku kazi inapotolewa, isiwe mtego wa mwisho. Ijazwe ndani ya oditwari, kila mtu kwenye dawati lake, si nyumbani kwa shefu. Na ijazwe kabla alama ya kikundi haijatangazwa, maana 9 ikishatangazwa kila mtu anatafuta wa kumlaumu. Karatasi hizo ninazisoma mimi peke yangu, na mwanafunzi anaambiwa jumla yake bila kutajiwa nani alimpa nini.

Njama bado inawezekana. Ninaitambua kwa namna mbili. Kikundi kizima kikiandika 25 kila mahali, huenda ni kweli, huenda walikubaliana, kwa hiyo ninasoma maelezo waliyoandika kwa kila jina. Waliofanya kazi pamoja wanaeleza mambo yanayoshikana, ilhali waliopatana alama tu wanaandika "alisaidia sana" kwa kila jina. Namna ya pili ni mmoja anapompa mwenzake 5 huku wengine watatu wakimpa kati ya 24 na 28. Hiyo ninaitenga kwanza, kisha ninauliza. Mara nyingi nimekuta ugomvi usiohusu kazi.

Dhana: "Kujitathmini ni kujipa alama."

Ingekuwa hivyo kama namba ya mtu kuhusu nafsi yake ingeingia katika hesabu. Haiingii. Na si kwa sababu wanafunzi ni waongo. Mwaka 1979 watafiti Michael Ross na Fiore Sicoly walichapisha uchunguzi ambamo mume na mke waliulizwa kila mmoja anabeba sehemu gani ya shughuli za nyumbani. Kwa wengi, ukijumlisha majibu ya wawili ulipata zaidi ya kazi yote iliyokuwepo. Mtu anakumbuka saa alizohangaika mwenyewe, za mwenzake hakuziona. Mwanafunzi anayesema kwa moyo safi kwamba amefanya nusu ya kazi ya watu watano haniudhi tena.

Fomu ya kujitathmini ninaihitaji kwa kazi nyingine. Mwanafunzi anaandika alichofanya, siku gani, na ushahidi wake uko wapi: daftari, picha ya simu, rasimu yenye masahihisho. Kisha anasema ni sehemu gani ya ripoti anayoweza kuieleza bila kusoma. Pale anapojiona na pale wenzake wanapomwona pakiachana mbali, ndipo ninapoita mtu kwa mazungumzo.

Dhana: "Namba ikishatoka, hukumu imetoka."

Nilimwita wa tano. Nilikuwa nimejiandaa kumwonya. Alikuja na daftari la shule lenye jalada lililolowa mvua, na ndani yake mahojiano 19 na wachotaji maji, kila moja na tarehe na saa. Mama mmoja alimwambia anaamka saa tisa usiku ili asikute foleni. Nilimuuliza mbona katika ripoti hakuna hata mstari mmoja.

"Mwalimu, sikukimbia kazi," alisema. "Yaya shefu alisema unataka namba, si maneno ya wamama. Na mikutano walifanyia Ibanda usiku, mimi ninakaa Bagira. Sikuweza kurudi saa zile."

Shefu alikubali kwamba ndivyo ilivyokuwa, na hakuwa na ubaya. Aliamini kweli kwamba mahojiano si data. Wenzake walipomgawia 12 na 15 hawakusema uongo: walipima walichokiona katika ripoti, na katika ripoti hakuwemo. Fomu inaonyesha kwamba kuna pengo. Aliyekwepa kazi na aliyenyimwa nafasi wote wanatoka na namba ndogo ileile.

Kanuni niliyokuwa nimewatangazia iliniruhusu, baada ya kuona ushahidi, kupandisha jumla ya mtu bila kupita 100 na bila kuwapunguzia wenzake. Nilimwekea 85, akapata 12.95. Sikumfikisha 100, maana katikati ya muhula tulikuwa tumejaza fomu ya majaribio isiyo na alama, na humo aliandika kwamba kila kitu kinakwenda vizuri. Angeandika ukweli, mahojiano yale yangeingia katika ripoti, na ripoti yenyewe isingebaki 14, kwa sababu maji yanayotoka kwenye robine kwa dakika hayaelezi kwa nini mama anaamka saa tisa usiku.

Lakini na fomu yangu ilikuwa na kosa. Iliuliza juu ya kazi iliyoonekana tu. Tangu muhula ule ina swali jipya, la kwanza kabisa juu ya karatasi, na linaulizwa katikati na mwisho: "Ni kazi gani uliyoifanya ambayo haimo katika ripoti, na nani aliamua isiwemo?"