Printa ina CD, laptopu haina pa kuiingiza: namna ya kupata draiva halali

Ukifungua boksi la printa mpya, mara nyingi bado utakuta CD ndani ya bahasha ya karatasi. Laptopu nyingi za sasa hazina pa kuiingizia. Basi mtu anaingia Google, anaandika jina la printa, anaongeza neno driver, kisha anabofya jibu la kwanza linalotokea. Wengi wanaotuletea laptopu zilizojaa takataka kwenye dawati letu la TEHAMA walianzia hapo.

CD yenyewe si hasara kubwa kuikosa. Ilitengenezwa kiwandani zamani kidogo, na mara nyingi Windows yako ni mpya kuliko kilichomo. Unachokihitaji ni draiva, yaani programu inayoigeuza hati yako kuwa maagizo ambayo printa ya aina hiyo inayaelewa. Draiva hiyo iko bure kwenye tovuti ya mtengenezaji, na kwa kawaida ni toleo jipya zaidi. Tatizo ni kwamba kati yako na tovuti hiyo pamejaa watu wanaojifanya ndio wenyewe.

Wanajifanya kwa sababu draiva huingia kwenye kompyuta kwa ruhusa za msimamizi. Mwaka 2021, baada ya udhaifu wa huduma ya kuchapa ya Windows uliopewa jina la PrintNightmare, Microsoft ilikaza masharti: mtumiaji wa kawaida hawezi tena kuvuta draiva kutoka kwenye seva ya printa bila idhini ya msimamizi. Laptopu ya nyumbani lakini msimamizi wake ni wewe mwenyewe. Ukibofya Yes, umeshafungua mlango, na aliyeingia anaweza kugusa chochote.

Anza na karatasi, si Google

Tuchukue printa ambayo steshenari nyingi wanayo: Epson L3210, ile ya wino wa kumimina. Kwanza hakikisha jina. Lisome kwenye uso wa printa, si kwenye kibandiko cha nyuma, maana kibandiko huwa pia na namba ya kiwandani isiyokusaidia kutafuta draiva. Kuwa makini na tarakimu. L3110, L3210 na L3250 zinafanana kwa macho, ila ni printa tofauti. L3250 ina Wi-Fi, L3210 inatumia waya wa USB peke yake. Ukifuata maelezo ya L3250 utahangaika kutafuta kitufe cha Wi-Fi ambacho printa yako haina.

Pili, ijue Windows yako. Fungua Settings, kisha System, kisha About, usome mstari wa System type. Kwa laptopu nyingi utaona maneno 64-bit na x64. Ukiona ARM, laptopu yako ina prosesa za jamii ya Snapdragon, na draiva ya x64 haitakubali hata kama programu nyingine za kawaida zinafanya kazi. Hapo tafuta draiva iliyoandikwa ARM64, au uiachie Windows itumie draiva yake ya jumla kama printa inaikubali.

Tatu, chukua karatasi ya maelekezo iliyo ndani ya boksi. Watengenezaji wakubwa huchapa humo anwani fupi ya kuanzia. Epson hutumia epson.sn, HP hutumia 123.hp.com, na Canon kwa printa zake za wino hutumia ij.start.canon. Najua zinatia shaka. Ya Epson inaishia na herufi za nchi ya Senegal, na ya Canon haina hata .com. Ila ni za kweli, na ya Canon ni ngumu kuigiza, kwa kuwa mwisho ule wa .canon unamilikiwa na kampuni yenyewe. Iandike anwani kwa mkono kwenye sehemu ya anwani juu ya kivinjari, si kwenye kisanduku cha kutafutia. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ukiiandika kwenye kisanduku cha kutafutia, utaletewa matangazo yenye neno Sponsored juu ya majibu, na tangazo hununuliwa na yeyote mwenye pesa.

Kama karatasi imepotea na huna budi kutafuta, jifunze kuisoma anwani. Tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata baada ya https://, kisha soma kinachoutangulia kwa kurudi nyuma. Kwenye support.hp.com/drivers, kilicho karibu kabisa na mkwaju ni hp.com, basi uko kwa HP. Kwenye hp.com.draiva-bure.net/setup, ambayo nimeibuni kwa mfano, mwenye nyumba ni draiva-bure.net, hilo hp.com la mbele ni pambo tu. Alama ya kufuli nayo isikutulize. Inamaanisha mawasiliano yamefichwa njiani, haisemi uliyefika kwake ni nani.

Tovuti za kuigiza zina mwenendo wake. Mojawapo, inayoiga ukurasa wa 123.hp.com, inakuomba uandike namba ya printa, inakuonyesha mstari unaojaa polepole kana kwamba inapakua, halafu inakatika na kusema kuna hitilafu, piga namba hii. Anayepokea ana upole wa kutosha, anakuambia usakinishe programu ya kuiona skrini yako kwa mbali, na muda si mrefu anataka malipo ya kurekebisha kitu ambacho hakikuharibika. Mtindo mwingine ni faili lililofungwa kwa nywila, lenye maelekezo ya kuzima antivairasi kabla ya kulifungua. Nywila imewekwa makusudi ili antivairasi isione kilichomo. Hakuna draiva halali ya printa inayohitaji hayo. Na zile programu zinazojiita driver updater, zinazokagua laptopu na kudai draiva kumi na kitu zimechakaa, ziache hata kama hazina virusi. Printa yako inahitaji draiva moja.

Faili limeshuka, usilifungue kwanza

Kwenye epson.sn utaandika L3210 na kupewa faili la kusakinisha. Lenyewe ni dogo, kisha likifunguliwa huvuta vilivyobaki kwenye mtandao, kwa hiyo uwe na bando la kutosha kabla ya kuanza, usije ukakatika katikati.

Sasa lifungue folda la Downloads. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, utafute kichupo cha Digital Signatures. Ndani yake panapaswa kuwa na jina la aliyetia sahihi. Kwa Epson ni SEIKO EPSON CORPORATION, kwa HP mara nyingi ni HP Inc. Lichague jina, bofya Details. Juu kabisa Windows itakuandikia This digital signature is OK. Sentensi hiyo inakuhakikishia mambo mawili: faili limetoka kwa mwenye jina hilo, na halijaguswa na mtu tangu alipotia sahihi. Kama kichupo chenyewe hakipo, faili halina sahihi, na draiva ya kampuni kubwa isiyo na sahihi ni ya kufuta.

Ukilifungua faili, Windows itakuuliza tena. Dirisha la User Account Control linaonyesha Verified publisher na jina lilelile. Likija la rangi ya njano likiwa na maneno Publisher: Unknown, bofya No.

Sahihi ina mipaka yake. Haisemi kama draiva ni ya printa yako, na inatusaidia tu pale kampuni inapoitumia. Mwezi Mei 2025 ilibainika kwamba programu za printa za Procolored, zilizowekwa na kampuni yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Mega, zilikuwa na virusi kwa miezi kadhaa. Aliyeanza kushtuka alikuwa mchambuzi wa printa ambaye antivairasi yake ilipiga kelele alipochomeka flashi iliyokuja na mashine. Kampuni mwanzoni ilisema ni kengele ya uongo. Watafiti wa G Data, kampuni ya antivairasi, walipochunguza wakakuta virusi ni vya kweli. Kwa hiyo antivairasi ikilalamika juu ya draiva, sikiliza kwanza, hata kama faili umelitoa kwa mwenyewe.

Waya wa USB usubiri

Kwa L3210, usichomeke waya mpaka programu ya kusakinisha ikuambie. Ukichomeka mapema, Windows hukimbilia kuitambua printa kwa namna yake, na baadaye unakuta majina mawili kwenye orodha, moja likiwa na Copy 1, lisilochapa. Ukimaliza, nenda Settings, Bluetooth & devices, Printers & scanners, chagua printa, bofya Print test page.

Isipochapa, soma dalili. Driver is unavailable maana yake draiva haikukamilika au si ya Windows hiyo. Karatasi zikianza kutoka moja baada ya nyingine zikiwa na mstari mmoja wa alama zisizosomeka, draiva ni ya printa nyingine. Futa kazi zilizo kwenye foleni kabla rimu haijaisha. Kuondoa printa kwenye orodha hakutoshi, kwa kuwa draiva mbovu inabaki ndani na Windows itairudia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika hii:

```
printui /s /t2
```

Litafunguka dirisha lenye draiva zote za printa. Chagua ile mbaya, bofya Remove, kisha Remove driver and driver package, uanze upya.

Kwa wenye HP LaserJet P1102, ile nyeusi ndogo inayouzwa sana ikiwa imetumika, kuna kitu cha ziada. Ukiichomeka, laptopu inaweza kuonyesha CD iliyojitokeza kwenye This PC ingawa huna mlango wa CD. Si kirusi. Printa hiyo imebeba draiva yake kwenye kumbukumbu ya ndani, na HP waliuita utaratibu huo Smart Install. Ila draiva hiyo ni ya zamani, na wakati mwingine printa inang'ang'ania kuonekana kama CD badala ya printa. Pakua iliyopo support.hp.com.

Na kama tayari umeshasakinisha kitu usichokiamini, kata mtandao kwanza. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, uchague Microsoft Defender Antivirus (offline scan). Laptopu itajizima na kuwaka, ikague kabla Windows haijaanza, kazi ya takriban dakika 15. Nywila za barua pepe na benki zibadilishe kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, si hiyo.