Unataka 750,000 mkononi? Anzia chini upande juu

Kwenye kitengo chetu cha mishahara kuna kesi inajirudia sana. Mtu anataka 750,000 mkononi, amesikia makato ni kama asilimia 25, basi anachukua 750,000 anaongeza asilimia 25 anapata 937,500, anaenda kuomba hiyo, alafu mwisho wa mwezi hela haifiki. Tatizo ni kwamba makato yanahesabiwa kwenye mshahara ghafi, sio kwenye hiyo unayobaki nayo, kwahiyo inabidi ugawanye, usiongeze.

Na kodi yenyewe inaenda kwa ngazi, ndo maana lazima upige hesabu kinyumenyume. Tuchukue mfano (viwango ni vya kufundishia tu, wewe weka vya kwenu): pensheni asilimia 10 ya mshahara ghafi na inatolewa kabla ya kodi, alafu kwenye kinachobaki 200,000 ya kwanza haina kodi, kutoka hapo mpaka 500,000 unakatwa asilimia 10, zaidi ya hapo asilimia 30.

Jiulize kwanza, mtu aliyefika 500,000 baada ya pensheni anabaki na ngapi? Kodi yake ni 30,000, anabaki na 470,000. Wewe unataka 750,000 so bado 280,000, na hiyo yote inatoka ngazi ya juu ambako kila 100 inakuachia 70. Gawanya 280,000 kwa 0.7 unapata 400,000, jumlisha na ile 500,000 inakuwa 900,000, hiyo ni hela baada ya pensheni. Gawanya tena kwa 0.9, mshahara ghafi ni 1,000,000.

Sasa ihakiki kwa kushuka: toa pensheni 100,000, toa kodi 30,000 na 120,000, inabaki 750,000 kamili. Yule wa 937,500 ukimshusha hivyohivyo anapata 710,625, yaani kila mwezi anapungukiwa 39,375, sio hela ndogo jamani.

Kwenye mazungumzo shika namba moja tu, 0.63, ambayo ni 0.9 mara 0.7. Mwajiri akikwambia tufanye 950,000, usiione ni elfu 50 imepungua, kwako ni 31,500, utabaki na 718,500. Ukitaka 10,000 zaidi mkononi omba kama 15,900 juu. Ila hii inafaa ukiwa bado ndani ya ngazi hiyohiyo, ukivuka inabadilika.

Kama una mkopo unaokatwa kiasi kilekile kila mwezi baada ya kodi, ujumlishe kwenye lengo lako kabla hujaanza hesabu. Na kabla ya kusema namba muulize afisa utumishi, pensheni inakatwa kwenye mshahara wa msingi peke yake au na posho pia, posho zinakatwa kodi au hapana, na hiyo anayotaja ni mshahara ghafi wako au ni gharama yote ya mwajiri pamoja na mchango wake wa pensheni, maana mchango wake hautauona kabisa kwenye akaunti yako.